Namba Iliyo Chini ya Jani

Shemeji yangu anayeishi Hamburg alinitumia picha ya kopo la karafuu. Pembeni waliandika kwamba zimetoka Pemba, na nyuma palichapwa lile jani la nyota kumi na mbili, alama ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya. "Kaka, mbona chini ya jani wameweka herufi za Ujerumani?" aliuliza. "Karafuu ni zetu, cheti ni chao?"

Swali hilo nalipenda, kwa sababu wanunuzi wengi huishia kwenye jani. Jani ni mchoro, na mchoro kila mwenye kompyuta anaweza kuunakili. Cha kusoma ni mistari miwili inayoandamana nalo. Kwenye kopo lile mstari wa kwanza ulikuwa DE-ÖKO-006. DE ni nchi, ÖKO ni neno la kilimo hai kwa Kijerumani, na 006 ni namba ya mthibitishaji: taasisi iitwayo ABCERT. Mstari wa pili ulisema kwamba mazao yamelimwa nje ya Umoja wa Ulaya.

Msimbo huo haumtaji aliyemkagua mkulima. Unamtaja anayemkagua mtu wa mwisho aliyeishika bidhaa kabla haijafungwa, yaani aliyechambua, aliyesaga au aliyepakia. Karafuu zilisafiri kwenye magunia na kutiwa makopo Ujerumani, ndiyo maana herufi ni za Ujerumani. Zingefungashwa kabisa Zanzibar, msimbo ungeanza na TZ-BIO, kisha tarakimu tatu. Tarakimu 154, kwa mfano, ni za Ecocert ya Ufaransa. Kwa hiyo DE pamoja na "nje ya Umoja wa Ulaya" si kasoro. Kasoro ni jani lisilo na msimbo wowote, au herufi za nchi ambayo bidhaa haikufungashwa.

Sasa, msimbo nao unaweza kughushiwa, kwa hiyo tunauthibitisha. Umoja wa Ulaya una daftari la vyeti linaloitwa TRACES NT, na sehemu ya wazalishaji wa kilimo hai hufunguliwa na yeyote bila kujiandikisha. Andika jina la kampuni iliyofungasha, chagua nchi, kisha fungua cheti chenyewe. Usitosheke kuona kwamba jina lipo. Tazama kwanza tarehe ya mwisho, maana cheti kilichokwisha muda hakimlindi mnunuzi. Halafu soma makundi ya bidhaa, na hapa ndipo nimeona udanganyifu mwingi zaidi kazini kwangu. Cheti kinaweza kuwa halali kabisa, lakini kinahusu mazao ghafi ya shambani tu, huku mwenyewe akiuza mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa. Karatasi ni ya kweli, ila bidhaa iliyomo kwenye pakiti haimo kwenye karatasi.

Ndivyo ilivyo hata kwa mthibitishaji mwenyewe. Anayefanya kazi nje ya Ulaya hutambuliwa kwa nchi fulani na kwa makundi fulani ya bidhaa. Kukubalika kwake Kenya hakumpi ruhusa ya kuthibitisha Tanzania. Ukikuta TZ-BIO yenye tarakimu usizozijua, tafuta orodha ya wathibitishaji inayotolewa na Tume ya Ulaya, na uangalie kama Tanzania imetajwa kwenye safu yao.

Kwenye kopo la shemeji jina kubwa lilikuwa la duka, na duka halikuwa limefungasha kitu. Hali hiyo ni ya kawaida. Nilimwambia amwandikie mthibitishaji, ataje msimbo na namba ya toleo iliyogongwa chini ya kopo, na aulize mfungashaji ni nani. Alipopewa jina tuliliingiza kwenye daftari: cheti kilikuwa hai, na viungo vilikuwa vimeorodheshwa.

Madukani kwetu utakutana zaidi na alama ya Kilimohai, iliyoanza mwaka 2007 pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki cha kilimo hai, EAS 456. Hiyo haitafutwi kwenye TRACES, na haimruhusu mfanyabiashara kuuza Ulaya kama bidhaa ya kilimo hai. Ina mlango wa pili ambao naona ni wa haki kwa wakulima wadogo: kikundi kinaweza kukaguana chenyewe, shamba kwa shamba, badala ya kulipia taasisi ya uthibitishaji. Kwa hiyo pakiti ya Kilimohai inaweza kuwa safi bila jina la kampuni yoyote ya ukaguzi. Muulize muuzaji jina la kikundi, kisha uliza vuguvugu la nchi husika, TOAM kwa Tanzania au KOAN kwa Kenya, kama kikundi hicho kimeruhusiwa kutumia alama. Muuzaji asiyejua hata jina la kikundi kilichomletea asali, mimi asali yake siilipii bei ya kilimo hai.