Chatboti ikikosea, chanzo ni lugha au taarifa?

Mwaka 2023 shirika la Jacaranda Health la Kenya lilitoa UlizaLlama, modeli ya Llama ya kampuni ya Meta iliyofundishwa zaidi kwa Kiswahili. Tatizo lilikuwa lugha: modeli ya awali haikukimudu Kiswahili vizuri.

Kikundi kidogo cha Kabondo-Dianda kinaweza kukuta tatizo jingine: chatboti inayojua Kiswahili lakini inakosea bei ya mahindi. Kuifundisha upya hakusaidii, kwani bei hubadilika kila wiki.

Kipimo ni rahisi. Orodha ya bei ibandikwe ndani ya maelekezo, kisha yaulizwe maswali 20. Majibu yakinyooka, kilichokosekana ni taarifa. Orodha fupi ibaki humo. Ndefu iwekwe kando, chatboti itafute humo kabla ya kujibu. Kiswahili kikibaki kibovu, ndipo mafunzo yafikiriwe.