Kaswende: Kidonda Kinapopona Chenyewe

Dalili ya kwanza ya kaswende ni kidonda kimoja, kigumu ukingoni, kisafi, kisichouma. Hujitokeza pale bakteria walipoingilia, siku 10 hadi 90 baada ya tendo, mara nyingi kama wiki ya tatu. Mwanamume huenda akakiona kwenye uume. Mwanamke kikimtokea kwenye shingo ya kizazi hatakiona kamwe, na hata kikiwa mahali pa wazi, kwa kuwa hakiumi huchukuliwa kuwa mchubuko tu. Baada ya wiki 3 hadi 6 kinafunga chenyewe, pasipo dawa yoyote. Aliyejipaka mafuta anasema mafuta yamemponya, na aliyekunywa mitishamba anaisifu mitishamba. Kumbe bakteria wameshaingia kwenye damu siku nyingi.

Katika magonjwa yote ya zinaa ninayoyashughulikia, huu ndio ninaopenda watu waujue kwa undani, maana unaonyesha waziwazi kwa nini mtu anaweza kuugua na kuambukiza huku akijiona mzima. Klamidia nayo ina tabia hiyo hiyo, hasa kwa wanawake, na hata kisonono, ambacho wengi wanakijua kwa usaha na maumivu ya kukojoa, mara nyingi hukaa kimya katika mwili wa mwanamke.

Bakteria wa kaswende ni mwembamba, amejisokota, na huzaliana taratibu sana: hugawanyika mara moja tu katika saa 30 hivi. Ganda lake la nje lina protini chache mno, na protini hizo ndizo askari wa mwili hutumia kumtambua adui. Kwa hiyo mwili humwona kwa shida. Wiki kadhaa baada ya kidonda kupona huenda ukatokea upele, hata viganjani na kwenye nyayo, ambao mara nyingi hauwashi. Nao huisha wenyewe. Kinachofuata ni ukimya wa miaka, pengine wa maisha yote, ingawa wasiotibiwa wengine, baada ya miaka mingi, hupata madhara ya moyo, mishipa mikubwa ya damu au ubongo.

Njia kuu ya kuambukizana ni kugusana na kidonda au utando laini wenye bakteria wakati wa ngono, iwe ya ukeni, ya mdomo au ya njia ya haja kubwa. Kondomu hupunguza sana hatari, ila haifuniki kidonda kilicho kwenye kinena au korodani. Wapo wanaosema wameipata chooni. Bakteria huyu hufa upesi nje ya mwili, na choo kimesingiziwa vya kutosha.

Vituo vingi vya afya kwetu hutibu magonjwa haya kwa kufuata dalili: ukieleza usaha au kidonda, unapewa dawa za visababishi vya dalili hiyo hapo hapo, bila kungoja maabara. Utaratibu huu una heshima yake. Utafiti uliofanywa vijijini Mwanza, matokeo yake yakatolewa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya namna hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Lakini asiye na dalili hana cha kueleza, hivyo humpita muuguzi bila kutibiwa. Huyo hupatikana kwa kipimo tu.

Tuchukue mfano wa mama mwenye ujauzito wa wiki 16 anayehudhuria kliniki kwa mara ya kwanza. Anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende, na baada ya dakika 20 hivi majibu yanasomwa. Mstari wa VVU haupo. Wa kaswende upo.

“Mbona sina kitu, nesi? Hata muwasho sijawahi kupata.”

“Wengi wanakuja hivyo hivyo, mama yangu. Ndiyo maana tunampima kila mjamzito.”

Kipimo hicho cha haraka hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo kwa kawaida hubaki kwenye damu maisha yote, hata kwa aliyekwisha kupona. Kwa hiyo hakiwezi kutofautisha ugonjwa wa sasa na uliotibiwa zamani. Palipo na maabara hufanywa kipimo cha pili, RPR, kinachoonyesha nguvu ya maambukizi kwa uwiano. Mama huyu amepata 1:16, na hajawahi kutibiwa. Anahitaji dawa, na sindano ya kwanza anachomwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtoto hawezi kungoja. Hata kituo kisicho na RPR hakimrudishi mama nyumbani mikono mitupu: humchoma sindano kwa majibu ya kipimo cha haraka.

Haraka hiyo ina sababu. Bakteria hupita kwenye kondo la nyuma hata kama mama ameishi kimya na ugonjwa kwa miaka. Mwanza hiyo hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kuwa kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, karibu mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Waliopata sindano moja tu ya benzathini penisilini walijifungua salama sawa na wasio na ugonjwa. Dozi ni yuniti milioni 2.4, kwa kawaida nusu kila tako. Inauma, sitadanganya, na usiku ule homa inaweza kupanda. Kwa kuwa hatujui mama huyu aliambukizwa lini, atachomwa tatu, moja kila wiki. Asiruke hata moja.

Mume anaitwa. Naye hana dalili, naye anakutwa na kaswende, RPR yake 1:4. Hapo swali linakuwa moja: nani kaileta? Hakuna kipimo kinachojibu swali hilo. Namba ndogo haimaanishi aliyetangulia wala aliyefuata, maana namba hushuka yenyewe kadiri miaka inavyopita, na ugonjwa unaweza kuwa wa kabla hata hawajajuana. Nimeona ndoa zikivunjika kwa kudhani karatasi ya maabara imetaja mkosaji. Vibaya zaidi, baba anayesusa sindano kwa hasira anaweza kumwambukiza upya mkewe aliyepona, kwa sababu kaswende haiachi kinga ya kudumu.

Baada ya tiba, namba ya mama inatarajiwa kushuka angalau mara nne, yaani kutoka 1:16 hadi 1:4 au chini zaidi, katika miezi inayofuata, ingawa kwa maambukizi ya zamani inaweza kuchukua muda mrefu au kusimama chini bila kuisha. Kadi inayoonyesha tarehe za sindano aitunze vizuri. Ujauzito ujao kipimo cha haraka kitaonyesha mstari tena, na kadi hiyo ndiyo itakayomwokoa na hofu.

Kuhusu wakati wa kupima: aliyekutana na mtu wiki iliyopita akapima leo, jibu safi halimwachi huru. Kingamwili huchelewa, hivyo arudie miezi 3 baada ya tendo hilo. Mwenye mwenza mpya apime kabla ya kuacha kondomu, na mwenza apime naye. Mwenye wenza zaidi ya mmoja apime kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mjamzito apime hudhurio la kwanza, tena karibu na kujifungua kama kuna hatari ya maambukizi mapya. Na wewe baba, mkeo akianza kliniki, nenda naye siku hiyo ya kwanza, utobolewe kidole naye.