Fahamu: Maswali ya kuuliza kuhusu kilimo na tabianchi Mwanza

Mada ya wakulima kukabili mabadiliko ya tabianchi ijibu maswali matatu. Mfano ni mahindi ya vuli wilayani Misungwi.

Takwimu: mvua imeanza kweli?
Utabiri wa vuli wa TMA huhusu Oktoba hadi Desemba. Lakini mvua ya kwanza ikifuatwa na ukavu wa wiki mbili, miche hunyauka na mkulima hulazimika kupanda upya.

Sera: mbegu zimefika lini?
Mkakati wa Taifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa 2021–2026 unahimiza mazao yanayostahimili ukame. Lakini mbegu za mazao hayo zikifika dukani baada ya mvua, hazisaidii.

Shambani: matuta yamefungwa?
Vizuizi kati ya matuta hushika maji. Lakini mvua ikizidi, maji hutuama na majani huwa ya njano.