Kumeza si kupata: kinga ya fangasi hupimwa kwenye damu

Tiba kali ya saratani ya damu huua seli za ugonjwa pamoja na zile za ulinzi. Zinazokosekana kwanza ni nyutrofili, seli nyeupe ambazo kazi yake ni kukamata bakteria na fangasi. Zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu na kukaa hapo wiki mbili au tatu, mgonjwa anakuwa hatarini kwa hewa ile ile ambayo ndugu zake wanaivuta bila madhara. Mbegu za fangasi aina ya aspajilasi zimo kwenye vumbi, majani makavu na kifusi cha ujenzi. Kila mtu huzivuta. Mwenye nyutrofili huzimaliza, asiye nazo zinaota ndani ya mapafu yake.

Ndiyo maana wagonjwa hawa hupewa dawa ya fangasi kabla hawajaugua. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa flukonazoli, ambayo huzuia vizuri fangasi wengi wa aina ya kandida lakini haigusi aspajilasi. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili zilizobadilisha mambo. Katika ule wa wagonjwa wa lukemia kali ya mieloidi na wenzao wenye ugonjwa wa uboho unaoielekea, waliotumia posakonazoli walipata fangasi vamizi kwa asilimia 2, huku waliotumia flukonazoli au itrakonazoli wakipata kwa asilimia 8. Utafiti wa pili ulihusu waliopandikizwa uboho, na huko pia maambukizi ya aspajilasi yalipungua.

Kilichochukua muda kueleweka ni kwamba wagonjwa wawili wanaweza kumeza posakonazoli ile ile, kwa dozi ile ile, na mmoja akawa na dawa ya kutosha kwenye damu huku mwenzake akiwa karibu hana. Data za tafiti hizo mbili zilipochambuliwa upya, robo ya wagonjwa waliokuwa na viwango vya chini kabisa ilikosa kinga karibu mara mbili au zaidi ya robo iliyokuwa na viwango vya juu. Humo ndimo lilimotoka lengo linalotumika leo: angalau miligramu 0.7 kwa lita ya damu kwa anayekingwa, na angalau 1.0 kwa anayetibiwa fangasi aliyekwisha kuingia.

Tumchukue mgonjwa wa mfano, mwanamume wa miaka 34 mwenye lukemia kali ya mieloidi. Anapewa sitarabini kwa drip siku saba, na daunorubisini siku tatu za mwanzo. Posakonazoli ianze lini? Wataalamu wengi hungoja saa 24 baada ya daunorubisini ya mwisho, kwa kuwa dawa hizi mbili zinaweza kuusumbua moyo zikikutana. Basi inaanza siku ya nne. Hesabu yake ni hii: posakonazoli hukawia mwilini, kiasi kilichomo hupungua nusu kwa zaidi ya siku moja, kwa hiyo inachukua karibu wiki nzima kujaa hadi kiwango kisichobadilika. Ikianza siku ya nne inajaa siku ya kumi au ya kumi na moja, ndipo nyutrofili nazo zinapogusa sakafu. Anayesubiri homa ndipo aanze ameshachelewa wiki moja.

Wodi aliyolazwa ina posakonazoli ya maji tu, miligramu 200 mara tatu kwa siku. Hii ndiyo aina ya zamani na ina masharti magumu. Ikinywewa na chakula chenye mafuta mengi, dawa inayofyonzwa ni takriban mara nne ya ile inayofyonzwa tumbo likiwa tupu. Inahitaji pia asidi ya tumbo, na vidonge vya kupunguza asidi vya kundi la omeprazoli vinaweza kuipunguza kwa theluthi moja au zaidi. Sasa mtazame mgonjwa wetu siku ya nane. Mdomo umejaa vidonda, kichefuchefu hakiishi, na tangu asubuhi amekunywa chai ya rangi na vijiko viwili vya uji. Nesi amempa dawa kwa saa zake zote tatu na kutia alama kwenye chati. Kwenye chati hiyo hiyo, mstari wa juu kidogo, kuna omeprazoli aliyoandikiwa siku aliyolazwa kwa sababu ya kiungulia, na hakuna aliyerudi kuiangalia.

Damu inachukuliwa siku ya saba ya dawa, kabla tu ya dozi inayofuata. Jibu: miligramu 0.3 kwa lita.

Wengi hapo hukimbilia kuongeza dozi, na kwa dawa ya maji hilo ni kosa. Utumbo una kikomo cha kufyonza, na ukivuka miligramu 800 kwa siku kinachozidi kinatoka na choo. Kinachosaidia ni kugawa dawa katika dozi ndogo za mara nyingi zaidi, kuondoa omeprazoli kama haina ulazima, na kuipa dawa pamoja na kitu chenye mafuta au hata soda ya tangawizi, ambayo asidi yake imeonekana kusaidia. Lakini ninavyoona mimi, mgonjwa asiyeweza kula hapaswi kuachwa kwenye dawa ya maji ikiwa vidonge vinapatikana. Vidonge vilivyoanza kuidhinishwa mwaka 2013 huyeyukia kwenye utumbo mdogo, havitegemei asidi, na chakula huviathiri kidogo tu. Mgonjwa humeza vitatu vya miligramu 100 mara mbili siku ya kwanza ili kujaza mwili haraka, kisha vitatu mara moja kila siku. Humezwa vizima. Kikipondwa ili kipite kwenye mpira wa kulishia, muundo uliokitofautisha na dawa ya maji umevunjwa. Na idadi ya miligramu za aina moja haihamishiwi kwenye nyingine. Anayeandika dawa lazima ataje kama ni ya maji au vidonge.

Mgonjwa wetu anatafutiwa vidonge nje ya wodi na kuhamishiwa huko, na baada ya wiki kipimo kinasoma 1.3. Pale ambapo maabara haina kipimo hiki, vidonge ndivyo kimbilio, kwa sababu walio wengi wanaovimeza hufika kwenye lengo. Kipimo kinabaki na thamani kubwa kwa anayeharisha, anayetapika, na mwenye mwili mkubwa sana.

Yapo mazingira ambayo dawa hii haifai tangu mwanzo, na moja linatuhusu sana huku kwetu. Mgonjwa anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu ataona posakonazoli ikitoweka kwenye damu, kwa kuwa rifampisini huuchochea mwili kuivunja na kuitoa. Hata rifampisini ikisimamishwa, athari yake hubaki kwa wiki mbili hivi. Lingine ni lukemia ya limfu, inayowapata zaidi watoto. Tiba yake hutegemea vinkristini, na posakonazoli huzuia vinkristini isivunjwe, hata mtoto akaishia na degedege, ganzi ya miguu, au utumbo uliosimama kabisa. Hapo wataalamu hugeukia dawa za kundi la mikafungini, zinazotolewa kwa mshipa.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Wiki ya nne nyutrofili zimepanda juu ya 500 katika vipimo vinavyofuatana, na uboho uliochunguzwa hauonyeshi tena lukemia. Posakonazoli inasimamishwa. Ni seli hizo na hali ya uboho vinavyoamua, kwa hiyo kama nyutrofili zingechelewa dawa ingeendelea. Kila mzunguko mpya wa tiba unaotarajiwa kuzishusha tena, dawa huanza upya.

Miezi kadhaa baadaye anapandikizwa uboho wa dada yake. Wiki za mwanzo flukonazoli inatosha. Siku ya 50 anatokwa na vipele na kuanza kuharisha: seli za dada zinaushambulia mwili wa kaka. Anapewa prednisoloni kwa wingi, na hapo hatari ya aspajilasi inarudi hata kama hesabu ya nyutrofili inapendeza, kwa sababu steroidi hizo huzilegeza seli za kinga zilizopo. Daktari anapoanza prednisoloni ya miligramu 1 au zaidi kwa kila kilo ya uzito, ndipo wakati wa kutoka flukonazoli kwenda posakonazoli.

Siku hiyo hiyo takrolimasi, dawa inayozituliza seli za dada, inatakiwa kushushwa hadi theluthi moja, mathalani kutoka miligramu 3 mara mbili hadi miligramu 1 mara mbili. Posakonazoli huzuia kuvunjwa kwake, na asiyeipunguza ataharibu figo. Kwa kuwa mgonjwa anaharisha, posakonazoli yenyewe inasoma 0.5, na vidonge vinaongezwa kuwa vinne kwa siku. Kipimo kinafika 1.1.

Kisha steroidi zinafanya kazi, kuhara kunakoma, na utumbo uliopona unaanza kufyonza vizuri. Dozi haijaguswa. Mwezi wa tatu shinikizo la damu ni 160 kwa 100 kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na presha, na potasiamu imeshuka hadi 2.9. Ni rahisi kuzilaumu steroidi na kumwandikia dawa ya presha. Lakini kipimo cha posakonazoli kinasoma 4.2. Ikizidi hivyo, dawa hii inaweza kuvuruga homoni za tezi ya juu ya figo, hata mwili ukashika chumvi na kutupa potasiamu. Tiba ni kurudisha vidonge kuwa vitatu, kumpa potasiamu, na kupima damu tena baada ya wiki. Kwa hiyo kipimo kirudiwe kila tumbo linapobadilika, si pale tu kinga inaposhukiwa kuwa haba.

Kusimamisha baada ya upandikizaji hufuata steroidi. Utafiti wa 2007 uliwapa dawa hadi wiki 16, lakini kama prednisoloni bado ni nyingi na ugonjwa wa pandikizi haujatulia, wiki ya 17 haina jipya linaloondoa hatari. Mgonjwa wetu anaiacha mwezi wa tano, akiwa amebaki na prednisoloni kidogo, ngozi na tumbo vikiwa vimetulia.

Siku hiyo simu inapaswa kupigwa kwa anayesimamia takrolimasi. Posakonazoli itaisha mwilini polepole kwa wiki moja hadi mbili, na kadiri inavyoisha takrolimasi itavunjwa kwa kasi zaidi. Miligramu 1 iliyotosha jana haitatosha. Kiwango chake kikishuka bila mtu kuona, vipele na kuhara vitarudi, prednisoloni itapandishwa, na posakonazoli italazimika kuanza tena. Kwa hiyo takrolimasi hupimwa mara mbili kwa wiki katika wiki hizo, na dozi hupandishwa kwa kufuata namba hizo mpaka zitulie.