V ya Njano Pembeni mwa Jani la Kabichi

Mkulima wa kabichi wa Lushoto au Kinangop akiona majani yameanza kuwa ya njano, mara nyingi hukimbilia mfuko wa yurea. Anaweka mbolea, anasubiri wiki, na njano inazidi kupanda. Si ajabu, kwa sababu kabichi hugeuka njano kwa mambo mengi: njaa ya naitrojeni, maji kutuama, hata uzee wa majani ya chini. Ila ipo njano moja yenye umbo lake. Huanzia ukingoni mwa jani, ikiwa pana pale pale ukingoni, kisha hujibana kadiri inavyoingia ndani mpaka ikawa ncha inayoelekea mshipa mkuu. Ni herufi V iliyolala, mdomo wake ukiwa nje. Ukilitazama jani hilo dhidi ya jua utaona vimishipa vilivyo ndani ya V vimekolea kahawia au vimekuwa vyeusi kabisa. V ya njano na mishipa myeusi vikikutana, huo ni uozo mweusi.

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris. Mwamerika Louis Pammel alimweleza mwaka 1895, baada ya kumkuta kwenye mimea ya jamii ya kabichi huko Iowa. Jina lake huenda ni geni, lakini yeye mwenyewe huenda umeshamla: ute wake, ambao viwanda huuita zanthani, hukuzwa kwenye matangi na kutiwa katika aiskrimu, sosi na dawa ya meno ili kuvifanya vizito. Jikoni ute huo hauna neno. Ndani ya mshipa wa kabichi ndio unaoua.

Kujua unavyoua ndiko kunakoeleza V inatoka wapi. Usiku wa baridi na unyevu, mizizi huvuta maji mengi kuliko jani linavyoweza kuyapumua, na maji ya ziada hutoka kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingoni, kila kimoja mwishoni mwa mshipa. Ndiyo yale matone yanayojipanga pembeni mwa jani alfajiri, ambayo wengi tunadhani ni umande mtupu. Bakteria waliorushwa na mvua wakiangukia tone hilo huogelea ndani yake, na jua likipanda jani hulivuta tone kurudi ndani pamoja na wageni wake. Sasa wamo kwenye mshipa. Huzaliana, hutoa ute, na ute huziba njia ya maji. Sehemu ya jani iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule huanza kufa kiu, na kwa kuwa mishipa midogo ya ukingoni huungana kadiri inavyokaribia mshipa mkuu, eneo lililokosa maji huwa pana nje na jembamba ndani. Baadaye njano hukauka, ikawa kahawia na kuvunjika kama karatasi.

Bakteria huingia pia kwenye vidonda. Pale viwavi wa nondo mgongo almasi walipotoboa jani, doa linaweza kuanzia katikati, bila V yoyote. Hapo usihangaike na umbo, tazama mishipa. Weusi wa mishipa ndio ushahidi wenye uzito zaidi. V peke yake inaweza kudanganya.

Hudanganya hasa mbele ya upungufu wa potasiamu, ambao huunguza kingo za majani makuukuu. Kuungua huko huzunguka ukingo karibu wote, na mishipa hubaki na rangi yake. Mnyauko wa fuzari ni mgumu zaidi kuutofautisha: nao hugeuza majani njano na kuchafua mishipa, lakini kwa kawaida hushika upande mmoja wa jani au wa mmea, jani likapinda kuelekea upande huo, na mishipa huwa ya kahawia zaidi kuliko nyeusi. Tena njano yake hupanda kutoka kwenye kikonyo, haishuki kutoka ukingoni.

Ukibaki na shaka, ng'oa mmea mmoja uliougua sana na ukate shina kwa kuvuka, karibu na ardhi. Uozo mweusi uliofika shinani huacha duara la vidoa vyeusi ndani ya nyama nyeupe. Nusa pia. Uozo mweusi wenyewe haunuki. Ukipata harufu mbaya na ute laini, ujue bakteria wengine wa uozo laini wameingia kupitia mlango uliokwisha kufunguliwa.

Tuchukue shamba la robo ekari lililopandikizwa mwanzoni mwa mvua. Wiki ya tano mwenye shamba anaona V kwenye mimea minne, imesambaa huku na huku. Usambaaji huo una maana. Kama chanzo kingekuwa mabaki ya kabichi za msimu uliopita, wagonjwa wangejazana palipotupwa mabaki. Wakitawanyika hivi bila mpango, shaka iende kwenye mbegu au kitalu. Mbegu 3 zenye ugonjwa kati ya 10,000 zinatosha kulipua shamba zima mvua ikisaidia. Miche yake hudanganya pia: ikikuzwa kwenye baridi inaweza kuonekana safi kabisa, dalili zikajitokeza baada ya joto kupanda. Bakteria hawa hustawi zaidi kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi.

Mwenye shamba afanye nini? Aing'oe mimea ile minne, lakini asubiri majani yakauke kwanza. Kupita shambani alfajiri na nguo zilizolowa ni kubeba bakteria kutoka mstari hadi mstari. Asijidanganye kwamba amemaliza, maana dalili huchelewa siku 7 hadi 14 au zaidi baada ya maambukizi. Majirani wa mimea ile huenda tayari wamebeba. Awakague kila baada ya siku chache, na kama anamwagilia kwa mvua ya bomba, ahamie kumwagilia chini kwenye shina. Dawa za kopa hupunguza kuenea juu ya majani, basi. Bakteria aliyekwisha kuingia kwenye mshipa hafikiwi na bomba la mgongoni, na mtu anayeuziwa dawa ya kuvu kwa ugonjwa huu anatupa pesa.

Kazi yenye faida zaidi hufanyika kabla ya kitalu. Mbegu ambazo hazijapakwa dawa huweza kuloweshwa ndani ya kitambaa chepesi katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha zikapozwa kwenye maji baridi na kuanikwa. Kipimajoto ni lazima: maji yakipoa ugonjwa unabaki, yakizidi joto mbegu inakufa. Mbegu kuukuu huvumilia vibaya, kwa hiyo jaribu chache kwanza uone zinavyoota.

Shamba lenyewe lipumzishwe na jamii nzima ya kabichi kwa angalau miaka miwili, maana bakteria huishi ndani ya mabaki mpaka yaoze kabisa. Jamii hiyo ni pamoja na sukuma wiki, koliflawa, figili na haradali inayojiotea mipakani, ambayo wengi huisahau. Mahindi, maharage, karoti au vitunguu havina shida. Visiki vifukiwe kwa kina mapema, wala visitupwe kwenye mfereji unaoelekea kwa jirani wa chini.

Kabichi iliyoshikwa kidogo haimdhuru mlaji. Majani ya nje yakitolewa na kisiki kikionekana cheupe, inafaa kuuzwa siku hiyo hiyo karibu na shamba. Yenye duara jeusi isipakiwe kwenye lori la safari ndefu, kwa kuwa uozo laini utaimaliza njiani na kuichafua iliyo karibu nayo.