Betri Mbili, Milinganyo Miwili

Betri ya volti 12 na nyingine ya volti 13, kila moja ikiwa na kikinza cha omu 2, zinalisha kwa pamoja kikinza kimoja cha omu 4. Saketi hii ina vitanzi viwili. Katika kila kitanzi tunachukulia kuwa mkondo unazunguka kama mishale ya saa: x kushoto, y kulia.

Kanuni ya Kirchhoff ya mwaka 1845 inasema jumla ya volti katika kitanzi ni sifuri. Kikinza cha katikati kinapitiwa na x na y kwa pande zinazopingana, hivyo mkondo wake ni x − y. Wengi huteleza hapa, wakaandika x + y.

6x − 4y = 12
−4x + 6y = −13

Zidisha wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 2, kisha jumlisha: 10x = 10. Basi x ni ampea 1, y ni −1.5. Alama ya kutoa si kosa. Mkondo wa kulia unazunguka kinyume na tulivyodhani. Kikinza cha katikati kinapata ampea 2.5, yaani volti 10. Hakiki: 12 − 2 ni 10, na 13 − 3 pia ni 10.