Kurekodi Kidumbak: Kofi Lisikike, Sikio Lisiumie

Kundi la kidumbak la Zanzibar huwa na ngoma mbili ndogo za mkono, sanduku la besi, fidla, mkwasa na cherewa. Anayerekodi hushawishika kuisogeza maikrofoni karibu kabisa na ngozi ili kila pigo lisikike. Hapo ndipo sauti huharibika: kwa umbali wa sentimita 5, kofi la ukingoni huruka juu ghafla na kuumeza mlio mnene wa ngoma.

Anza na sentimita 40 hivi. Inua maikrofoni juu kidogo ya ngozi, uielekeze baina ya katikati na ukingo, kwa mshazari badala ya kukikabili kiganja. Mwanzo wa pigo utabaki wazi, lakini makali yatapungua. Mpiga mkwasa, ambaye mlio wake hupenya zaidi, akae nyuma ya maikrofoni hiyo, upande inakosikia kidogo.

Mpigaji apige kwa nguvu zake zote, kisha weka kiwango ili vilele visipite desibeli -10. Kofi likisikika kama limechanika ilhali taa nyekundu haijawaka, badili pembe au rudi nyuma sentimita 10. Likififia na mwangwi wa chumba ukazidi, sogea mbele.